Sola, LUKU au jenereta: hesabu ya ofisi ya ushonaji kabla hujatoa pesa

Dada mmoja mwenye ofisi ya ushonaji Kihonda, Morogoro, alinipigia simu akiwa na karatasi ya makadirio mkononi. Sola kamili, shilingi milioni nne. "Fundi, nataka niachane na LUKU na jenereta kwa mpigo. Italipa?" Nikamuuliza LUKU inakula ngapi kwa mwezi. Akasema kama elfu thelathini na sita hivi. Na petroli ya jenereta? Hapo akanyamaza, maana petroli ananunua kwa kidumu, leo lita mbili, kesho kutwa tatu, wala haandiki popote.

Jibu la swali lake lilikuwa kwenye hiyo petroli isiyoandikwa. Nitaeleza jinsi tulivyolipata, hatua kwa hatua, ili nawe uweze kuifanya hesabu hiyo kwa duka au karakana yako. Bei za vifaa nitakazotaja ni zile tulizoletewa sisi. Wewe weka za dukani kwako, hesabu ni ileile.

Hatua ya kwanza: jua kila kifaa kinakula kiasi gani

Usitegemee kibandiko cha kifaa peke yake. Mashine nyingi zimeandikwa kiwango cha juu kabisa, na vingine vibandiko vyake vimefutika zamani. Mita ya LUKU yenyewe inaweza kukupimia bure. Itazame vizuri, utaona kitaa chekundu kinachomweka. Pembeni pameandikwa namba, mfano `1000 imp/kWh`, maana yake kikimweka mara 1,000 umetumia uniti moja. Zima kila kitu, hakikisha kitaa kimetulia, kisha washa kifaa kimoja tu na uhesabu mimweko kwa dakika moja. Hesabu ni hii:

```
wati = mimweko ya dakika moja x 60000 / namba ya mita
```

Kwa mita ya 1,000, mimweko kumi kwa dakika ni wati 600. Pasi ya yule dada ilimweka mara kumi na saba, yaani takriban wati 1,000. Ovaloki ilinipa somo zuri zaidi. Ilikuwa na mota kubwa ya zamani, ile inayovuma muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata kama fundi anakata uzi au anazungumza na mteja. Mguu hauko kwenye pedali, kitambaa hakipo, na mita inaendelea kumweka.

Ukishapata wati, zidisha kwa saa ambazo kifaa kinafanya kazi kweli. Cherehani haishoni saa tisa mfululizo. Ukikaa kando ukatazama, utaona nusu ya muda fundi anapima, anakata au anafumua. Pasi nayo hujizima na kujiwasha ikishapata moto, kwa hiyo saa tatu za kupiga pasi ni kama saa moja na nusu ya umeme kamili. Ofisi ile, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, ilitoka hivi:

- Cherehani mbili zenye mota ndogo za wati 100, saa nne kila moja: uniti 0.8
- Ovaloki ya wati 250, saa tatu: uniti 0.75
- Pasi: uniti 1.5
- Taa nne, feni, redio na kuchaji simu: uniti 0.8

Jumla ni uniti 3.85 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni uniti 100. Umeme wa biashara ndogo, kundi la T1, ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukiziongeza inafika kama 356. Mara 100 ni shilingi 35,600. Makisio yake ya elfu thelathini na sita yalikuwa sahihi. Kama huna uhakika na kundi lako, chukua risiti ya LUKU ugawe pesa uliyolipa kwa uniti ulizopata. Usichanganye na kodi ya jengo inayokatwa humo humo mara moja kwa mwezi.

Itazame tena ile orodha. Pasi peke yake imechukua karibu mbili ya tano ya umeme wote. Kila kifaa kinachotengeneza joto kiko hivyo: pasi, birika, mashine ya kukaushia nywele, jiko la chipsi. Ukiwa na kifaa cha namna hiyo, kitenge pembeni tangu mwanzo, kwa sababu ndicho kitakachoamua kama sola ndogo itakufaa au itakutia hasara.

Hatua ya pili: andika kila umeme unapokatika

Nilimwachia daftari na kazi moja: kila umeme ukikatika wakati wa kazi, aandike saa ulipokatika na saa uliporudi. Mwezi mmoja unatosha kuanzia, mitatu ni bora zaidi, maana masika na kiangazi havifanani. Na kumbuka kuna miaka isiyo ya kawaida. Mwishoni mwa 2023 mgao ulikuwa nchi nzima. Anayepiga hesabu kwa mwezi kama ule ataona kila kitu kinalipa, na anayepiga kwa mwezi uliotulia ataona hakuna kinacholipa.

Daftari lake lilitoa mambo mawili. La kwanza, jumla ya saa: 30 kwa mwezi. La pili, ambalo watu wengi hawalifikirii, urefu wa kila mkatiko. Mingi ilikuwa ya saa moja hadi nne, na siku moja tu ilipita saa sita. Jumla ya saa inakuambia umeme kukatika kunakugharimu kiasi gani, na urefu wa mkatiko unakuambia ununue betri ya ukubwa gani. Mtu mwenye saa 30 zilizogawanyika vipande vya saa mbili mbili na mtu anayekosa umeme siku tatu mfululizo hawahitaji kifaa kimoja, hata kama jumla zao zinalingana.

Hatua ya tatu: pima jenereta inakunywa kiasi gani

Jaza tangi hadi shingoni, washa jenereta na ufanye kazi zako za kawaida kwa saa mbili. Kisha zima, acha ipoe, na ujaze tena hadi pale pale kwa chupa ya lita moja unayojua ujazo wake. Kilichoingia ndicho ilichokunywa. Jenereta yake, ya kilowati mbili, ilikunywa lita 1.6 kwa saa mbili, yaani lita 0.8 kwa saa.

Saa 30 ni lita 24. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni 72,000. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo tumia bei ya mwezi wako. Ongeza oili, inayotakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 50 hadi 100, pamoja na plagi na chujio la hewa, tukaweka 8,000. Jumla ni shilingi 80,000 kwa mwezi.

Sasa linganisha. Ofisi inatumia uniti 3.85 kwa saa tisa, kwa hiyo katika saa 30 jenereta ilitoa uniti kama 13 tu. Gawa 80,000 kwa 13. Kila uniti ya jenereta ilimgharimu zaidi ya shilingi 6,000, wakati ya LUKU ni 356. Jenereta haikuwa mbovu. Injini ya petroli inakunywa hata ikiwa inasukuma taa na feni peke yake, na ofisi kama ile haiibebeshi mzigo wa kutosha. Ni kama kukodi fuso kupeleka kilo mbili za nyanya sokoni.

Alikuwa anaona LUKU ndiyo mzigo wake, kumbe saa 30 za jenereta zilikuwa zinakula zaidi ya mara mbili ya mwezi mzima wa LUKU.

Hatua ya nne: weka milioni nne mezani

Makadirio aliyopewa yalikuwa na paneli tatu za wati 550 (laki tisa), betri ya lithiamu ya volti 24 (milioni 1.7), inveta ya kilowati tatu (laki tisa), na waya, breka, fremu na ufundi (laki tano). Kiufundi yalikuwa sawa, yangebeba hata pasi. Lakini LUKU yote ya mwaka ni kama shilingi 430,000. Milioni nne ingechukua zaidi ya miaka tisa kurudi, na inveta haina ahadi ya kufika huko bila matengenezo. Anayekuambia sola itakulipa haraka kwa kufuta LUKU ya elfu thelathini hajapiga hesabu.

Kinachobaki cha kuokoa ni zile 80,000 za jenereta. Hapo swali linakuwa dogo: ni kifaa gani cha bei ndogo kabisa kitakachoziba saa 30 za mwezi, katika vipande vya saa nne?

Jibu letu halikuanza na paneli. Tulianza na betri na inveta inayochajiwa na umeme wa TANESCO. Umeme ukiwepo betri inajaa, ukikatika inveta inashika ndani ya muda mfupi sana hata taa haziyumbi. Betri yenyewe haihitaji kujua kama imejazwa na jua au na LUKU, na uniti ya LUKU ni rahisi.

Hatua ya tano: punguza mzigo kabla ya kununua betri

Vitu viwili tuliviondoa. Pasi ya umeme haitatumika umeme ukikatika. Ofisi tayari ilikuwa na pasi ya mkaa, na nguo nyingi zinaweza kusubiri saa mbili. Pasi ya mkaa iwekwe penye hewa, mlango na dirisha vikiwa wazi, kwa sababu moshi wake una sumu hata usipouona.

Cha pili ni mota ya ovaloki. Mota ya aina ile, ikianza kuzunguka, huvuta mara nne hadi sita ya nguvu yake ya kawaida kwa muda mfupi. Wati 250 zinafika 1,000 au 1,500, na inveta ndogo inajizima pale pale huku fundi akidhani imeungua. Tulibadilisha tukaweka mota ya sevo kwa shilingi 200,000. Hii inavuta umeme mguu unapokanyaga tu, na inaanza polepole. Matumizi ya ovaloki yalishuka kutoka uniti 0.75 hadi 0.25 kwa siku.

Mzigo uliobaki ukawa uniti 1.85 kwa siku, kama uniti 0.2 kwa saa. Mkatiko wa saa nne unahitaji uniti 0.8. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea 100 ina uniti 1.28. Ukiacha akiba ya asilimia 15 na ukatoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 0.95. Inatosha, na nusu saa zaidi ya ziada.

Kwa betri ya asidi au jeli hesabu inabadilika. Hiyo usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ampea 100 zinakupa uniti 0.6 tu na ungehitaji mbili. Betri ya gari usiifikirie kabisa. Imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, na ukiimaliza kila siku haitafika mbali.

Gharama: betri 850,000, inveta ya wati 1,000 yenye chaja ndani 450,000, waya na breka 150,000, mota 200,000. Jumla 1,650,000. Ukigawa kwa 80,000 za petroli, pesa inarudi kwa miezi 21. Umeme wa kuchajia betri ni uniti chache kwa mwezi, haufiki 5,000.

Kwenye inveta, sisitiza ile inayotoa wimbi safi. Zile za bei ya chini zinazotoa wimbi la ngazi huwasha taa na kuchaji simu bila shida, lakini feni itanguruma na mota za cherehani zitapata moto kuliko kawaida.

Hatua ya sita: sasa ndipo uifikirie paneli

Kilichonishangaza mwanzoni nilipoanza kazi hii, na bado wateja hawakiamini, ni kwamba paneli ndiyo sehemu ya bei ndogo. Betri ndiyo ghali. Paneli moja ya wati 550, kwa jua la saa 4.5 kamili na ukitoa robo inayopotea kwa joto, vumbi na waya, inatoa kama uniti 1.85 kwa siku. Ni sawasawa na mzigo wa ofisi bila pasi.

Kazi ya ushonaji hufanyika mchana, kwa hiyo sehemu kubwa ya umeme huo unatumika moja kwa moja bila kupita kwenye betri. Si wote. Kuna muda jua ni kali na mafundi wanakula, na Jumapili ofisi imefungwa. Mimi huhesabu theluthi mbili tu. Hapo anaokoa kama shilingi 11,000 za LUKU kwa mwezi, na paneli na fremu kwa 450,000 zinarudi kwa miaka mitatu na miezi kadhaa. Faida kubwa zaidi ni siku ile ya mkatiko wa saa sita, ambapo paneli inaendelea kulisha na betri haishuki. Aliamua kusubiri miezi sita kisha aiongeze. Nilikubaliana naye.

Lakini kama utakuja kuongeza paneli, inveta uichague kwa kuliangalia hilo tangu siku ya kwanza. Paneli ya wati 550 ina karibu volti 50 ikiwa haijaunganishwa na kitu. Inveta nyingi ndogo za volti 12 zimetengenezewa paneli za volti 22, na ukiziunganisha na hii zinaweza kuungua. Zingine hazitaungua, ila zina kidhibiti cha aina ya `PWM` kinachoivuta paneli ishuke hadi volti ya betri. Ampea 13 kwa volti 13 ni wati 170 hivi, na ulilipia 550. Tafuta yenye kidhibiti cha `MPPT`, kisichoishusha paneli hivyo, na usome kwenye karatasi yake volti za juu inazopokea kutoka kwenye paneli. Zizidi 60 ili uwe na nafasi, maana asubuhi ya baridi volti hupanda. Kwenye mipangilio ya kioo, inveta nyingi za aina hii zina `SUB` na `SBU`. Kwa duka lenye TANESCO chagua `SUB`: jua kwanza, kisha TANESCO, na betri inabaki imejaa ikisubiri mkatiko. Ukiweka `SBU` betri itatumika kila jioni, na umeme unaweza kukatika ikiwa nusu.

Ambao hesabu yao ni nyingine

Kama TANESCO haijafika, uliza kwanza nguzo iko umbali gani. Kuunganishwa vijijini, nyumba ikiwa karibu na nguzo, kumekuwa shilingi 27,000, na hakuna sola ya bei hiyo. Nguzo ikiwa mbali kabisa, hapo paneli mbili na betri kubwa kidogo zinaishinda jenereta kwa mzigo mwepesi. Jenereta uibakize kwa pasi au kazi nzito, na uikusanyie kazi: washa saa moja, piga pasi za siku nzima, zima.

Karakana ya kuchomelea ni jambo lingine. Mashine ya kilowati tatu hadi tano hailishwi na sola ndogo. Kwake jenereta ya ukubwa unaofaa, ikifanya kazi ikiwa na mzigo kamili, haina hasara kama ile niliyoonyesha juu.

Na mwenye jenereta asiiunganishe kamwe kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani. Umeme unarudi hadi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi aliyepanda akidhani laini imekufa. Weka chenjiova, swichi inayochagua kati ya TANESCO na jenereta. Mashine yenyewe ikae nje, mbali na mlango.

Hatua ya saba: kagua kabla ya kumaliza kulipa

Paneli ipime kwa futi kamba. Paneli nzuri za sasa zinatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.3 na upana wa mita 1.1. Ukionyeshwa ya "wati 300" ambayo unaibeba kwapani, kibandiko kinadanganya.

Betri ya lithiamu ya ampea 100 ina uzito wa kilo 10 hadi 12. Ikiwa nyepesi sana, iulizie. Kipimo cha kweli ni kuitumia. Tulipofunga ile ya Kihonda nilimwomba asimalizie malipo siku hiyo. Usiku tukaijaza. Asubuhi nikazima breka kuu ya TANESCO saa 3 kamili na mafundi wakafanya kazi zao kama kawaida: cherehani mbili, ovaloki, feni, taa. Dada akaandika kwenye lile lile daftari la mikatiko. Saa 5 inveta ilionyesha betri iko juu ya nusu. Saa 7 ilikuwa imebaki na akiba kidogo kuliko niliyotegemea, tukagundua mtu alikuwa amechomeka birika dogo la chai kwenye soketi ya nyuma. Nikaitoa soketi ile kwenye laini ya inveta, kesho yake tukarudia, na saa 7:40 ofisi ilikuwa bado inashona.